Kondoo wa Ami Abdulbari

Ndugu waombolezaji, Assalaam alaykum. Mimi ni Hamza, mtoto wa kaka wa marehemu, na nimeombwa na familia nisome maisha ya Ami yetu, Abdulbari Siraj, aliyezaliwa tarehe 3 Mfunguo Sita, mwaka 1359 wa Hijria, mtaa wa Shubaika, hapa Makka, akasoma chuo cha Kurani kwa babu yake, na mwaka 1378 akaanza kazi ya ukoo wetu ya kuwaongoza mahujaji wa Java, kazi aliyoifanya kwa ukali na mzaha mpaka miguu ilipomkatalia. Alimwoa Bi Jawahir mwaka 1386, wakajaaliwa mtoto mmoja, Wadii.

Mwezi wa Mfunguo Tatu, mwezi wa hija, ulipoandama mwaka huu, daktari alikuwa amekwisha kutuambia kwamba Idi hataiona. Ami alikataa kukatwa kucha na nywele, kama ilivyo kwa anayenuia kuchinja, mpaka mnyama wake achinjwe, na kucha zile zilivyorefuka juu ya shuka, sisi tuliomuuguza tuliingiwa na hofu kwamba atazikwa nazo. Siku ya nane mahujaji walipanda Mina, siku ya tisa wakasimama Arafa hadi jua kuzama, na huku Makka ikibaki na wanawake, wagonjwa na ukimya, Bi Jawahir alifunga na kumwombea mumewe aifikie kesho.

Aliifikia, lakini pumzi ilikuwa ya kuvuta. Wadii, akiogopa kwamba baba atakata roho, alimchinja kondoo alfajiri, kabla ya swala ya Idi, akamletea habari.

"Watu wameswali?" Ami aliuliza.

"Bado, Baba. Niliogopa."

"Basi hiyo ni nyama tu, si ya Idi, mwanangu, wape majirani. Miaka yote nawafundisha watu wa Java, kumbe wangu nyumbani ndiye hajasikia! Siku haisukumwi."

Wadii alilia kama mtoto, akaingia sokoni. Siku ya kumi na moja alimpata kondoo kiguru, na Ami akamrudisha, kwa kuwa mwenye kilema hafai. Siku ya kumi na mbili barabara zilifungwa na mahujaji wanaoharakisha kutoka Mina. Ikabaki ya kumi na tatu, ambayo jua lake likizama mlango wa kuchinja umefungwa, na Ami hakuwa tena na sauti, alikuwa akilitazama dirisha tu.

Baada ya Alasiri Wadii aliingia na kondoo mzima, akauweka mkono wa baba yake mgongoni mwa kondoo, akamtoa mnyama uani, akapiga bismillahi na takbiri, akachinja. Kisha alinawa, akakaa kitandani na kuanza kumkata baba yake kucha, na Ami akafa kabla Wadii hajaumaliza mkono wa pili.

Tunamshukuru daktari, majirani walioila nyama ya kwanza na ya pili, na viongozi wenzake wa mahujaji waliombeba. Ami, pumzika kwa amani. Kucha zilizosalia, Wadii alizimaliza mwenyewe.