Poda ya Kuonana na Esha

Asubuhi nilifua sare yangu, kisha nikapanda basi la Msambweni. Kwenye kiti cha mbele yangu bibi mmoja alishika kioo na kopo la poda, ya kwanza maishani mwake. Alikuwa akienda Munje kwenye mkutano wa ukoo, aonane na dadake Esha baada ya miaka kumi na tisa.

"Shikamoo, bibi," akasema msichana aliyeketi kando yake. "Ulipaka mafuta ya nazi kwanza?"

"Marahaba. Nisipopaka, uso si utakauka?"

"Ndiyo maana poda imeganda. Pangusa mafuta kwa leso, halafu uigonge poda kidogo kidogo, usisugue. Na rangi hii ni ya Wazungu."

"Sitaki Esha anione nimezeeka."

"Na asipokujua je?"

Akapangusa, akagonga. Poda ikakaa vizuri, ila uso ukawa kijivu juu ya shingo nyeusi. Msichana akamwambia aifute. Akakataa. Mimi nilitaka kusema kitu, lakini maneno huwa nayapata nikishafika nyumbani.

Basi likasimama njia ya Munje. Kabla ya kushuka, bibi akamtuma kondakta kwa mama mwenye mwavuli aliyekuwa akingoja kituoni: "Mwambie Esha, mimi Mwanarusi nimo ndani."

Esha akaambiwa. Akatazama dirisha la bibi, akalitazama tena, akamwuliza kondakta, "Yuko wapi?"