Nabiha binti Yeslam na Maziwa Aliyoyanywa Paka

Kwa jina la Mola anayehuisha na kufisha, jamaa mliokuja hitimani hapa Kibokoni, wanaume ukumbini na wanawake nyuma ya pazia, haya anayowasomea Abdulghafur, nduguye marehemu, ni maneno ya Bi Tumu wa Ndia Kuu, shoga wa marehemu tangu utotoni, ambaye chuoni alifika Juzuu Amma akakoma hapo, basi maneno yakienda pogo msimlaumu msomaji.

Marehemu Nabiha binti Yeslam alizaliwa hapa Kibokoni mwezi wa Rajabu 1289, Tumu akamfuata Shaabani, na kwa mwezi huo mmoja Nabiha alijifanya mkubwa maisha yake yote. Walisoma chuo kimoja na bakora waliigawana, ingawa Nabiha alicheka kimya na Tumu akacheka ikasikika. Kazi yake ilikuwa kushona kofia za viua, na aliolewa na Abdulhalim, muuza nguo, Mfungo Mosi 1307, wakajaaliwa Akil, Shaabani 1313, kisha Amin, mwaka 1316.

Ramadhani ya mwaka huo huo wa 1313, Tumu alijifungua Hafswa, homa ikamshika, maziwa yakakatika. Mavyaa yake, Bi Mwanaesha, ambaye ukoo wake aliuona umeshuka na mvua, alisema, "Mjukuu wangu hanyonyi titi la jirani, apewe maziwa ya mbuzi, na Tumu akikaidi atarudi kwao." Nabiha akahamia kwa Tumu kumuuguza, Akil mgongoni, na kila siku akaletewa kikombe cha maziwa ya mbuzi akaingia nacho chumba cha ndani na mtoto. Tumu, kitandani, macho yakifunguka nusu, aliona mambo mawili, kikombe kikitoka kimejaa, na paka wa nyumba akikilamba nyuma ya mlango. Alidhani shoga yake anamshindisha mtoto njaa, lakini mtoto alinenepa, paka naye akanenepa, na shaka ile Tumu akaimeza bila kuitafuna.

Mwaka 1329 Hafswa alipokuwa mwari, Tumu alituma kaimati na maneno ya pembeni, kwamba Akil akija kuposa hatafukuzwa. Nabiha akajibu, "Akil bado mtoto." Akil alikuwa na ndevu. Tumu akangoja kidogo, akapeleka maneno juu ya Amin, kwamba Hafswa atamngoja akue, sahani ikarudi na kaimati zake. Hapo Tumu akasema mengi, na mtaa ukamsaidia, wako waliosema Hafswa ana ila mwilini ambayo Nabiha aliiona alipokuwa akimuogesha, na wako waliosema Nabiha amekuwa mkubwa kwa kofia zake. Waposaji wengine waliposikia wakapita njia nyingine, na Tumu hakukanyaga Kibokoni miaka miwili.

Kifua kilimshika marehemu tangu Mfungo Pili 1331, na alipoona hakimwachi akamwita Tumu, naye akaja uso umekunjwa, akijua anaombwa radhi, na radhi hakuja nayo. Nabiha akamwambia, "Keti, mdogo wangu. Yale maziwa aliyanywa paka. Hafswa nimemnyonyesha mimi, mchana na usiku, mpaka arubaini yako ikatoka." Mwalimu Kamaludin, mjuzi wa sheria, aliulizwa, akasema kunyonya mara tano, kila mara mtoto akashiba akaachia mwenyewe, kabla hajatimiza miaka miwili, kunamfanya mwana wa aliyemnyonyesha, na nduguze si Akil tu aliyenyonya naye, bali Amin pia aliyekuja nyuma, ndoa ni haramu kwa wote wawili. Tumu akauliza mbona hakuambiwa yeye tu, kwa siri. Nabiha akacheka, kile kicheko chake cha kimya, akasema, "Ningekwambia Alfajiri, Adhuhuri Bi Mwanaesha angejua, na Laasiri ungekuwa umeachwa. Mdomo wako naujua tangu chuoni." Bi Mwanaesha alikuwa amekufa mwezi uliotangulia. Tumu akaitoa pale pale ile radhi ambayo hakuja nayo.

Marehemu alifariki Ijumaa, tarehe nne ya mwezi wa Safar 1332, na waliomuosha ni Tumu na Hafswa, Hafswa upande wa miguu, kwa haki ya mwana.

Tunamshukuru tabibu aliyekuja na jua kali, majirani waliopika, na mafundi wa kofia waliosoma yasini, hata wale waliosema ya ila mwilini tunawashukuru, wamekula wali wetu na sasa wamesikia. Tangu leo Hafswa akiingia nyumba hii hajifuniki mbele ya Akil wala Amin, na anayetaka kumposa hana la kuogopa, aulize kwa kaka zake, wako wawili na wana ndevu.

Pumzika kwa rehema zake Mola, Nabiha. Siri yako imetoka, kama ulivyojua itatoka ikimfikia Tumu.