Mwalimu Wilkista Bochaberi na Siku ya Mvua ya Mawe

Wilkista Bochaberi alizaliwa tarehe 9 Machi 1940, katika nyumba za wafanyakazi wa shamba moja la majani chai karibu na Kericho. Alikuwa kifungua mimba wa Mzee Mogaka na mama Nyambeki, waliotoka Kisii kutafuta kazi ya kuchuma. Sentensi hizo mbili yeye mwenyewe angezipiga kalamu nyekundu. Aliwasaidia majirani wengi kuandika wasifu wa wapendwa wao, na kila mara aliwaambia kwamba tarehe zitatosha kwenye msalaba. Waombolezaji wapewe siku moja ya huyo mtu, waione. Kwa hiyo leo familia inamtii, japo kwa moyo mzito, maana siku yenyewe ilimuumiza.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane, kisha mwaka wa 1960 akaingia chuo cha ualimu. Huko mkufunzi wao, Bwana Nyang'au, aliwaagiza waandike insha kuhusu jambo moja lililowapata utotoni. Wilkista alianza kwa kueleza maisha yake yote. Bwana Nyang'au alimrudishia karatasi.

"Hii ni historia ya ukoo," alimwambia. "Mimi nataka siku moja. Nionyeshe ulichoona ukiwa mtoto, na mwisho huyu mkubwa wa leo aniambie siku hiyo ilimfanya kuwa mtu gani."

Akachagua siku ya mvua ya mawe ya mwaka wa 1948. Aliiandika vizuri kweli. Hakusema aliogopa, alieleza anga lilivyogeuka jeusi upande wa msitu, harufu ya majani yaliyopondeka, na mawe yaliyorukaruka juu ya michai kama mahindi kwenye kikaango. Alieleza alivyokimbia kumtafuta mama, akamkuta ameinamia kikapu chake cha majani, akikifunika kwa gunia alilokuwa akijikingia mvua. Mama hakumkumbatia. Alimpigia kelele tu: "Kimbia kibandani! Wewe kimbia!" Msichana wa miaka minane alikimbia peke yake, mawe yakimpiga kichwani. Aya ya mwisho ilisema kwamba siku hiyo alijua majani ya tajiri yana thamani kubwa kuliko mtoto wa mchumaji, na ndipo alipoamua kusoma ili asije akashika kikapu maishani.

Bwana Nyang'au aliisifu, ila aliuliza swali moja. Mwanzoni mwa insha Wilkista alikuwa amesema kwamba kazi yake ilikuwa kumlea mdogo wake wakati mama akichuma. "Sasa huyo mtoto alikuwa wapi mvua iliponyesha?" Wilkista hakukumbuka. Akajibu kwamba lazima alikuwa amelala nyumbani, akaandika hivyo hivyo. Mkufunzi alimshauri aulize waliokuwepo, kwa kuwa kumbukumbu ya mtoto ina mashimo na mwandishi hafai kuyaziba kwa kubahatisha. Lakini wa kuulizwa alikuwa mama, na mama ndiye aliyekuwa akishtakiwa. Hakuuliza.

Mwaka wa 1962 alianza kufundisha katika shule ya msingi karibu na Roret. Siku ya wazazi ilipofika, mwalimu mkuu alimwomba asome kitu, naye akasoma insha ile kwa Kiswahili. Watu walipiga makofi sana. Mama Nyambeki alikuwa amekuja kutoka shambani na leso mpya kichwani, ameketi mstari wa mbele. Baadaye alimshika bintiye mkono, akamwambia, "Umesoma vizuri, mama." Tangu siku hiyo hakukanyaga tena pale shuleni, na kila akialikwa alisema magoti yanamsumbua. Magoti hayo hayo yalimpeleka sokoni kila wiki.

Tarehe 18 Aprili 1964 Wilkista alifunga ndoa kanisani na Bwana Orina, fundi baiskeli wa Sigowet, mtu mpole ambaye amesikia insha nyingi za watoto wa watu wakati wa chakula cha jioni kuliko mtu yeyote mwingine hapa. Mungu aliwajalia watoto watatu. Wanafunzi wake wengi wako hapa leo na hawajasahau ukali wake. Kimutai, ambaye sasa ni karani, aliwahi kumwandikia maisha yake yote tangu kuzaliwa hadi darasa la sita. Mwalimu alimwambia, "Kimutai, nataka ile siku ng'ombe alikukimbiza tu. Hayo mengine weka kando."

Mama Nyambeki alifariki mwezi wa Julai 1970, akazikwa nyumbani kwa Mzee Mogaka, Fort Ternan, walikokuwa wamehamia. Wakati wa matanga alikuja mama Chepkorir, ambaye miaka mingi alichuma mstari uliopakana na wa marehemu. Alikuwa akiwaeleza watu jinsi Nyambeki alivyokuwa na roho nzuri.

"Ile mvua ya mawe kubwa, si mnakumbuka?" alisema. "Huyu Wilkista alikuwa ameacha mtoto chini ya mti, yeye akaenda kutafuta mapera. Nyambeki akakimbia kuchukua mtoto, akaweka ndani ya kikapu juu ya majani, akafunika na gunia. Yeye mwenyewe akabaki hivyo, mvua inampiga mgongo. Akaniambia, Chepkorir, usiambie huyu msichana. Bado ni mtoto, hiyo kitu itamkaa."

Mtoto aliyekuwa kikapuni ni mimi Makori, ninayewasomea. Mimi sikumbuki lolote. Ninachokumbuka ni uso wa dada yangu siku hiyo ya matanga, na alivyotoka nje akasimama nyuma ya jiko, asikubali kushikwa na mtu.

Miaka iliyobaki aliendelea kufundisha insha, ila kwa kutumia yake kama mfano wa kosa. Aliwasomea wanafunzi insha yote, kisha akawauliza: mtoto yuko wapi? Aliwafundisha kwamba macho ya mtoto huona kweli lakini hayaoni yote, na kwamba aya ya mwisho isiandikwe kabla ya kuwauliza waliokuwepo, wakiwa bado hai. Aya yake mwenyewe alijaribu kuiandika upya mara nyingi, akachana. Alisema msomaji aliyeihitaji hayuko tena.

Mwaka wa 1977 alianza kuvimba miguu, na madaktari wakasema ni figo. Alivumilia matibabu kwa zaidi ya mwaka. Nilipomtembelea wodini mara ya mwisho aliniambia, "Makori, utaandika wewe. Usiseme mama alichagua majani. Andika nilienda kula mapera, na mama hakunisema kwa mtu mpaka akafa. Halafu uachie hapo, usipambe." Alituacha alfajiri ya tarehe 14 Oktoba 1978.

Ameacha mume, Bwana Orina. Watoto Kebaso, Bochaberi mdogo na Atuti. Baba yetu, Mzee Mogaka. Na mimi ndugu yake pamoja na jamaa yangu. Desturi inamlaza hapa Sigowet kwa mumewe, na mama yuko Fort Ternan. Kesho asubuhi nitakwenda huko na karatasi hii, nisimame kaburini, nimsomee mama insha ya binti yake, safari hii pamoja na mapera, mpaka mwisho.

Dada, pumzika sasa. Mungu akulaze kwa amani.