Nyumbani Sirudi, Mara Tatu

Benchi la kijiwe lilikuwa ubao mmoja juu ya matofali, kando ya mtaro ambao mfuniko wake wa zege ulikaa upande tangu mvua za mwaka jana. Kila aliyetaka kahawa aliruka. Mtaimbo hakuruka, alizunguka, kwa sababu ya magoti. Alikuwa amefanya kazi ya kunyoosha reli miaka ishirini na sita, na kule ndiko alikolipata jina hilo, pamoja na miguu ya kuvimba. Asubuhi hiyo alikuwa amevua viatu, kikombe cha pili mkononi, pale alipofika binti wa marehemu Mwimbishaji, aliyekuwa akimwongozea yeye na wenzake nyimbo kazini. Alikuwa na daftari la baba yake.

— Shikamoo, baba mdogo. Shikamooni wote.

— Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?

— Hajambo. Kesho ukoo unakutana, wanataka nisome tungo za baba mbele ya mama. Ila kuna hii.

Akasoma:

Nyumbani sirudi.
Nyumbani sirudi.
Nyumbani sirudi.
Imekwenda.

— Maisha yake yote ya kazi alikuja kwetu mara mbili kwa mwaka, alisema. Mama hajawahi kumuuliza kwa nini. Nikimsomea hii, nimempa jibu. Niichane?

Profesa, fundi cherehani, aliweka kikombe chini.

— Usichane! Huo ni utunzi mzito. Mara ya kwanza anakataa nyumba, ya pili anakataa ndoa, ya tatu anaikataa dunia.

— Dunia ilimkosea nini? aliuliza Redio, fundi baiskeli. Mzee alikuwa na nyumba ndogo kila stesheni. Haba na haba hujaza kibaba!

— We Redio, huyu ni mtoto wake, alikemea Profesa.

— Samahani, dada. Lakini stesheni zilikuwa tatu. Hesabu mwenyewe.

— Basi hiyo "imekwenda" ni treni, alisema Profesa. Imemwacha. Wahenga walishasema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Hapo mvungu uko wapi?

— Chini ya treni!

Mtaimbo hakucheka. Wimbo ule aliujua. Aliuitika mara elfu. Alifungua mdomo atoe kiitikio, hakikuja. Akajipigapiga gotini kwa kiganja. Wapi. Aliona aibu mbele ya mtoto wa mwenzake.

— Huu si wa kusoma umekaa, alisema. Nipeni lile bomba la chuma.

Alilichomeka chini ya ukingo wa mfuniko wa mtaro, akawaita wale wawili washike.

— Reli ikipinda, watu kumi na wawili mnachomeka mitaimbo, mnaisukuma irudi kwenye mstari. Kila mtu kwa wakati wake, haisogei hata unywele. Mwimbishaji hashiki chuma. Yeye akiimba, ninyi mnavuta pumzi na kupanga miguu. Mkiitika, ndipo mnasukuma. Soma, mwanangu. Halafu nyamaza.

— Nyumbani sirudi.

Profesa aliwahi, bomba likateleza.

— Umeona kwa nini alirudia? Haikwenda. Soma tena.

— Nyumbani sirudi.

Mfuniko ulitikisika, ukakaa.

— Nyumbani sirudi.

Uzito ulipoingia mabegani, mdomo wa Mtaimbo ulifunguka wenyewe:

— Mpaka iende!

Zege lilikwaruza, likatumbukia mahali pake kwa kishindo.

— Imekwenda, alisema binti, bila kutazama daftari.

Mtaimbo aliketi, akihema.

— Reli ikiwa nyepesi, aliimba mara moja. Siku ya jua kali, hata mara tisa. Hiyo ya mara tatu ilikuwa siku nzuri. Na akikuona umechoka, alilivuta lile "nyumbani" mpaka upate pumzi nyingine. Mnyapara alipiga kelele za haraka, haraka. Sisi tulimsikiliza baba yako. Hakuna mgongo uliovunjika kwenye wimbo wake.

— Na kwa nini nyumbani?

— Alijaribu maneno mengine. Kwa hayo hatukusukuma kwa nguvu ile.

Binti aliurudia ukurasa, midomo ikicheza.

— Mbona kiitikio hakukiandika?

— Hakikuwa chake.

Muuza kahawa alivuka mtaro kwa hatua mbili, akainamisha birika kwenye kikombe cha Mtaimbo. Likatoka tone moja.

Binti alifunga daftari.

— Kesho nikisoma, nani ataitika?

Profesa alimtazama Redio. Redio alilitazama bomba. Mtaimbo aliwahesabu kimoyomoyo wale kumi na wawili, mmoja mmoja, akaishia kwake mwenyewe, wa mwisho aliyebaki. Kisha akaanza kutafuta viatu vyake.