Chaki Mbele ya Kahawa ya Miska

Nje ya mkahawa wa Miska, soko la Walthamstow, London, linapoishia, kuna benchi ambalo manispaa imeshalisahau na wazee wamelimiliki. Asubuhi hiyo Darshan, Mpunjabi wa Nairobi waliyemwita Injinia, alikaa upande wa jua, na Samson wa Tanga, aliyejiita Jenerali ingawa hajawahi kushika bunduki, upande wa kivuli. Peris, waliyemwita Mwalimu, hakukaa. Alikuwa amepiga magoti kwenye lami, chaki mkononi, anachora ngome. Kesho yake alikuwa na majaribio ya kazi ya kuongoza wageni kwenye makumbusho ya ngome ya zamani huko mtoni. Kamati ilikuwa imemwambia kwa upole kwamba mambo ya vita wana mtu wao, yeye angependeza kueleza mapishi ya askari. Alikuwa amewajibu kwamba ataeleza mahandaki, au waandike sababu.

— Mahandaki yenyewe mbona yamepinda hivyo? — Samson aliuliza, akitazama kitabuni mwa Peris picha ya jeshi linaloizingira ngome.

— Ndiyo hadithi yenyewe hiyo, Jenerali.

— Mimi najua, — alisema Darshan. — Walikuwa wanakwepa mawe. Fundi anafuata udongo laini.

— Wewe Injinia, wale walikuwa wamelewa. Vita ya miezi, mvinyo upo, nani atachimba sawa?

— Au wanamtia adui kizunguzungu, — Miska alidakia akimimina kahawa. — Anatazama huku, anatazama kule, anatapika.

Peris hakucheka. Aliivumilia kamati wiki nzima. Hawa wangemshinda nini.

— Jenerali, chukua ufagio wa Miska. Huo ndio mzinga wako. Simama juu ya ukuta.

Samson akasimama kwenye pembe ya ngome ya chaki. Peris akachora handaki moja lililonyooka kuja kwake, akapanga humo pakiti za sukari.

— Piga.

Samson akalaza ufagio. Mpini ukapita juu ya pakiti zote, ya kwanza hadi ya mwisho.

— Risasi moja, watu wote, — Peris alisema. — Kwa hiyo hawaji sawa. Kwanza wanachimba handaki refu linaloizunguka ngome, mbali, kama mita mia sita. Askari wanakaa humo, wenye ngome wakitoka kuwashambulia wachimbaji, wanakuta watu. Kutoka hapo wanakuja kwa kupinda. Kila kipande kinaelekezwa pembeni mwa ngome, ili ukuta usikione kwa urefu wake. Halafu handaki jingine la kuzunguka, karibu zaidi. Halafu la tatu, mlangoni kabisa.

— Na huyo anayechimba mbele, risasi hazimwoni? — Darshan aliuliza.

— Zinamwona. Amepiga magoti, anasukuma mbele yake kapu kubwa lililoshindiliwa fito. Anachimba kidogo tu, udongo anautia kwenye tenga lisilo na kitako, analisimamisha upande wa ngome. Wa pili nyuma yake anaongeza kina, wa tatu anapanua, wa nne anamaliza, wanaweka matita ya fito juu ya matenga. Wakichoka, wanabadilishana.

Alichora vipande vyake vilivyopinda, akapanga sukari upya. Samson akapiga kutoka pembe yake. Mpini ukakata handaki kwa upana, pakiti moja tu.

— Umeona?

Samson akahamia pembe ya pili ya ngome, akalaza ufagio tena. Mpini ukaingia katika kipande cha tatu, ukakilamba chote.

Peris alihisi uso ukimwaka. Angeyasema haya kesho, mbele ya mtu wao wa vita.

— Ukuta una pembe mbili, Mwalimu, — Samson alisema taratibu.

— Naona bana. Usitoke hapo.

Akafuta kwa kiganja. Akachora kipande cha tatu kifupi zaidi, kilicholala zaidi, kielekee nje ya pembe zote mbili. Samson akapiga kulia, akapiga kushoto. Akakosa.

— Ukikaribia, — Peris alisema polepole, kama anayejifundisha mwenyewe, — ukuta unakuona kwa upana zaidi. Lazima upinde zaidi, vipande viwe vifupi. Wakiniletea yule mtu wao, namkabidhi ufagio.

Mama mmoja Mkongomani, Euphrasie, aliyekuwa akingoja basi lake akitoka kazini kusafisha ofisi, alikuwa amesimama hapo muda mrefu. Akaonyesha pakiti iliyotangulia, ya yule mwenye kapu.

— Ule wa mbele, mama. Jina yake nani?

Peris alikumbuka vitabu vyote alivyosoma: majina ya majenerali, majina ya wahandisi, majina ya ngome.

— Sijui, mama, — alisema.

— Basi ubaambie batu jina yake haijulikane, — Euphrasie alisema. Basi lilikuwa limefika, akapanda.

Peris aliinama, akaiinua ile pakiti, akaitia mfukoni, ya kwenda nayo kesho.