Malaria Mbili: Historia ya Marehemu Tumainieli Zebedayo Mgonja, Msoma Damu

Mchungaji, wazee wa ukoo, wakwe zetu mliopanda kutoka Lembeni, majirani wa hapa Mbaga na ninyi mliotoka Same kwa gari la mapema, shikamooni wakubwa, poleni wote kwa safari na kwa msiba, mimi ni Mwalimu Nathanaeli, mdogo wake marehemu, na nimepewa na ukoo kazi ya kusoma karatasi hii, ambayo jana jioni wazee waliniomba niifupishe sehemu moja, nikawaitikia ndiyo, na leo nitaisoma yote.

Kaka yetu Tumainieli alizaliwa tarehe 9 Juni 1948 katika nyumba hii hii, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Zebedayo Mgonja na marehemu Mama Hedwiga, akabatizwa mwaka huohuo, akaanza shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1956, akaendelea na shule ya kati hadi 1964, na walimu wake walimsifia mwandiko na uvumilivu, maana alikuwa mtu wa kuangalia kitu kimoja mpaka wenzake wachoke kumsubiri.

Mwaka 1969 alichaguliwa kwenda kozi ya wasaidizi wa maabara, akahitimu Novemba 1971, na kuanzia Januari 1972 akaajiriwa katika zahanati ya shamba moja la mkonge kule bondeni, ambako kwa miaka kumi na minne alisoma damu za wakata mkonge waliotoka kila pembe ya nchi, Wamakonde, Waha, Wanyaturu, na kazi yake, kwa wasioijua, ilikuwa kutoboa kidole, kupaka tone la damu kwenye kioo, kuliacha likauke, kulitia rangi, kisha kuinama kwenye darubini na kupita duara moja baada ya jingine mpaka yatimie mia, akihesabu vimelea vya malaria, akiona viwili anaandika malaria mbili, na asipoona kitu anaandika kuwa hakuonekana kitu, na mganga wa shamba alikuwa akimwamini, mtu akiambiwa hana malaria anatafutiwa ugonjwa mwingine.

Tarehe 20 Desemba 1975 alifunga ndoa na Dorkas binti Anthony wa Lembeni, wakajaliwa watoto wawili, Fortunata aliyezaliwa 1978 na Asheri aliyezaliwa 1981, ambao mnawaona hapa mbele, na shamba la mkonge lilipofungwa mwaka 1986 marehemu alipewa ile darubini ya zamani inayotumia kioo na mwanga wa jua, maana hakuna aliyeitaka, akahamia hospitali ya serikali, akafanya kazi hadi Machi 1993, alipopunguzwa pamoja na wengine wengi, kama mnavyoikumbuka miaka ile, wakati hospitali zilikuwa hazina glavu, mshahara ukiisha kabla mwezi haujafika katikati, na ada za sekondari zikipanda kila muhula.

Sasa ndugu zangu nafika pale nilipoombwa nipite haraka.

Tarehe 1 Juni 1993 marehemu aliajiriwa katika zahanati ya binafsi ya Daktari Rodgers pale Same, kando ya barabara kuu, na Daktari mwenyewe yupo hapa, amekaa kiti cha tatu kutoka kwa Mchungaji, karibu sana Daktari, sisi hatukukufukuza na wala hatutakufukuza, maana nusu ya waliokaa chini ya turubai hili wana karatasi zako nyumbani. Kumwona Daktari kulikuwa bure, na watu tulimsifu kwa hilo bila kujiuliza jengo, jenereta na wafanyakazi wanalipwaje, kumbe pesa ilikuwa kwenye kipimo, kwenye sindano na hasa kwenye dripu, na kila mfanyakazi alipata sehemu yake kwa kila kipimo kilichofanyika na kila dripu iliyotundikwa, kwa hiyo mgonjwa asiyekuwa na kitu alikuwa hasara kwa nyumba nzima, kuanzia mwenye jengo mpaka mfagizi.

Kwa miezi miwili marehemu aliandika alichokiona, na wagonjwa wengi damu zao zilikuwa safi, dripu zikapungua, wenzake wakaanza kumnunia wakati wa chai, ndipo Daktari akamwita, hakumgombeza hata kidogo, akamwambia kwamba mgonjwa hapandi basi kutoka Hedaru kuja kuambiwa hana kitu, kwamba akiambiwa hivyo atakwenda kwa mwingine na kuisema vibaya zahanati, kwamba dripu haijawahi kumdhuru mtu, na kuhusu kile kipimo cha taifodi asiwe na haraka ya kukisoma. Kipimo kile ni tone la maji ya damu na tone la dawa, unavichanganya kwenye kioo, unakitikisa kwa dakika moja na kuangalia kama vinagandamana, lakini ukikiacha mpaka kikauke, hugandamana hata cha mtu mwenye afya ya kubeba jiwe la kusagia, na kaka yangu alikijua hivyo kama anavyojua jina lake.

Fortunata alikuwa kidato cha pili, ada haijalipwa, na kaka yangu alikubali, sitamsafisha leo kwa kuwa amelala kwenye sanduku, alikubali, na tangu Agosti 1993 karibu kila aliyeingia kwa Daktari Rodgers akiwa na kichwa kinachouma, mgongo au uchovu wa kulima alitoka na malaria mbili na taifodi, na sisi tulifurahi, jamani, tulionyeshana karatasi sokoni, mwenye malaria tatu akijiona mgonjwa kuliko mwenye mbili, na mimi mwenyewe nilitundikiwa dripu nne mwaka 1995 nikasema huyu ndiye daktari. Ilifika mahali hakuinama tena kwenye darubini siku za watu wengi, bali asubuhi alikuwa akitia sahihi rundo la fomu tupu za majibu, ili foleni isikae, na atakayeshika kalamu ajaze.

Tarehe 7 Oktoba 1996 alipanda huku Mbaga kumzika mjomba wetu, na siku iliyofuata shemeji yetu Dorkas, ambaye kwa wiki kadhaa alikuwa amekonda, akinywa maji kama aliyetoka jangwani na kuamka kila mara kwenda haja ndogo, alizidiwa, akaenda zahanati kwa miguu yake, akapokelewa vizuri kwa sababu ni mke wa mwenzao, nao kwa kumheshimu hawakutaka akae kwenye foleni, wakachukua fomu moja katika lile rundo, wakajaza malaria mbili, taifodi, wakamlaza na kumtundikia dripu za kwinini, ambazo huchanganywa kwenye maji ya sukari. Hakuna aliyemtoboa kidole.

Marehemu aliteremka tarehe 10, akamkuta mkewe hajitambui, akaomba fomu aone nani amesoma damu, akaikuta sahihi yake, na mimi nilikuwa nimesimama naye, nikaliona jina lake pale chini limeandikwa kwa ule mwandiko mzuri uliosifiwa na walimu. Aliingia maabara na mkojo wa mkewe kidogo, akautia kwenye ile dawa ya buluu, akauchemsha juu ya taa ya spiriti, ukageuka rangi ya tofali, akaniambia, Nathanaeli, ni kisukari, tumemnywesha sukari siku tatu, kipimo chenyewe kilikuwa hiki tu. Shemeji yetu alifia njiani kupelekwa Moshi, tulipokuwa tunaingia Mwanga, saa tisa alasiri ya tarehe hiyo hiyo.

Baada ya arobaini marehemu aliacha kazi, akachukua sanduku la vioo arobaini na vitatu vya damu alivyovisoma upya kimoja kimoja na kuvikuta safi ilhali wenyewe walitibiwa malaria, akavipeleka kwenye ofisi moja ya serikali, pale hospitalini, ambayo sitaitaja, wakampokea kwa heshima, wakamwambia aviache, na wakamkumbusha kwamba sahihi iliyo kwenye fomu zote ni yake, kwa hiyo wa kwanza kushtakiwa atakuwa yeye, akajibu kwamba hilo analijua na ndilo alilofuata. Aliporudi baada ya wiki mbili akakuta vioo vimeoshwa kwa sabuni, vimekaushwa na kurudishwa kazini, maana hospitali ilikuwa na upungufu wa vioo, na aliyeviosha hakuwa na ubaya wowote, aliona damu iliyokauka akaosha.

Mwaka 1997 alirudi hapa nyumbani, akaweka darubini yake dirishani upande wa jua, akawa anawasomea damu majirani bila kuwatoza kitu, akiona kitu anasema, asipoona anasema, na mlimfanyia nini, ndugu zangu, mlimfanyia nilichomfanyia mimi, mlimshukuru, mkashuka Same kwa basi, mkarudi na malaria mbili na alama ya sindano mkononi, na wengine mkamwambia usoni kuwa mbona yeye haoni, macho yamezeeka. Hadi mwaka 1999 waliokuja kwake walikuwa wachache sana, naye hakuwalaumu, alisema aliwafundisha mwenyewe.

Kuhusu kuugua kwake, Jumatano iliyopita, tarehe 22 Agosti 2001, alianguka akiwa shambani, upande wa kulia ukalegea, ulimi ukawa mzito, na hapa mimi ndiye niliyeamua, hakuna mwingine wa kulaumiwa, nikampakia nikampeleka palepale kwa Daktari Rodgers, kwa kuwa ndipo palipokuwa na kitanda na ndipo nilipozoea, nikaambiwa malaria imepanda kichwani, mbili, nikalipa, na kipimo cha presha kilikuwa kinaning'inia ukutani juu ya kitanda chake. Walipoleta sindano ya dripu alitikisa kichwa, akauvuta mkono wake mzima, mkono wa kushoto, akanitazama mimi, wala hakumtazama muuguzi, nami nikaushika ule mkono na kuubana kitandani mpaka sindano ikaingia.

Alipelekwa Moshi tarehe 24, wakasema ni kiharusi cha presha, damu haina malaria, na alifariki Jumapili tarehe 26 Agosti 2001 saa mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, ameacha watoto wawili na mjukuu mmoja, Stumai, binti wa Fortunata.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Moshi waliojitahidi, Daktari Rodgers kwa gari lake, ambalo mafuta tulitia wenyewe, majirani kwa kuni, maji na ndizi, na wale wachache waliofanya naye kazi kwenye mkonge ambao wametoka mbali.

La mwisho, ili msiulizane kwa nini mara kwa mara Fortunata anainuka kwenda ndani, ni kwamba Stumai ana homa tangu juzi, jana tulimshusha Same na amerudi na karatasi ya malaria mbili, na dripu ametundikiwa chumbani, huenda ni kweli, msimu ndio huu, na huenda si kweli, darubini iko mezani imefunikwa kitambaa, na katika nyumba hii yote hakuna anayejua kuisoma isipokuwa huyu tunayemzika.

Lala kwa amani, kaka Tumainieli, na mkono ule unisamehe.