Mbivu au Mbovu

Benchi lenyewe lilikuwa mbao mbili na misumari isiyopatana, limeegemezwa ukutani kati ya kibanda cha fundi funguo na duka lililofungwa siku nyingi. Kila jioni watu wazima walikutana hapo kusuluhisha mambo ya dunia, na kwa bahati nzuri ya dunia, suluhu hazikuwahi kuwafikia wahusika. Siku hiyo shauri lilikuwa dogo kuliko kawaida: herufi moja tu. Fundi friji mmoja, waliyemwita Barafu kwa kazi yake na pia kwa mwendo wake, alikuwa ameletewa na mchumba wake ujumbe wa simu wa maneno matatu, na tangu aupate alikuwa hajakaza hata skrubu.

"Mvumilivu hula mbovu."

Simu ilipita mkono kwa mkono kama kichanga, kila mmoja akiikodolea macho kuona imefanana na nani.

— Kidole kimeteleza, alisema Nukta, mwalimu mstaafu ambaye hata salamu aliisahihisha kabla ya kuijibu. Kwenye simu i na o ni majirani, ukuta kwa ukuta. Alitaka kuandika mbivu.

Barafu alitamani sana kuamini. Tatizo ni kwamba mchumba wake alikuwa mpiga chapa. Kutwa yuko kwenye duka la kuchapa na kunakili, akisafisha tasnifu za wasomi ambao hawakujua koma inakaa wapi. Kidole cha mtu wa namna hiyo hakitelezi bila ruhusa ya mwenyewe.

Harusi ilikuwa imeahirishwa ili Barafu amalize kuezeka chumba cha pili. Chumba kikaezekwa. Ikaahirishwa tena ili mvua zipite, nazo zikapita. Safari ya mwisho hakuwa na sababu, akasema tu, "Subira yavuta heri, mpenzi," na mpenzi akakata simu bila kuaga. Ujumbe huu ndio ulikuwa neno lake la kwanza tangu hapo. Barafu alijua, kama anavyoijua sauti ya friji inayotaka kufa, kwamba akijibu ovyo hakutakuwa na neno la pili.

— Usihangaike, alisema Bandari. Mjibu kwa methali. Moto kwa moto.

Bandari alikuwa mpishi wa meli za mizigo zamani, na alidai kwamba wenzake waliposhuka pwani za watu kutafuta starehe, yeye alitafuta methali. Hakuna aliyemwamini, ila methali alikuwa nazo. Alianza kwa Waarabu, kwamba subira ni ufunguo wa faraja. Akaenda kwa Wajapani, wanaosema hata jiwe baridi, ukilikalia miaka mitatu, litapata joto.

— Na benchi je? aliuliza muuza kahawa, akimimina.

Walimpuuza, kwa kuwa kahawa yake walikuwa wameshaikopa. Bandari akaendelea. Warusi, alisema, humwambia bibi harusi asiyempenda bwana: vumilia, utapenda. Wachina humwambia: ukiolewa na kuku, mfuate kuku, ukiolewa na mbwa, mfuate mbwa.

— Sasa Barafu ni yupi hapo? aliuliza muuza kahawa.

Nukta naye hakutaka kuachwa nyuma na mtu aliyemaliza shule jikoni. Akasema jambo hili lina elimu yake. Methali za ndoa, lugha yoyote ile, zina milango mitatu. Wa kwanza ni kabla: Wahispania wanasema, kabla hujaoa, tazama unachofanya, sisi tunasema haraka haraka haina baraka. Wa pili ni wakati moyo umeshakwenda, na hapo macho hayana kazi: sisi tunasema ukipenda, chongo huita kengeza, na Wajapani wa Bandari, bila kutuuliza, wanasema kovu la ndui ni kishimo cha urembo shavuni. Wa tatu ni baada, na huko mataifa yote yanaimba wimbo mmoja: vumilia.

Hapo, kwa mara ya kwanza jioni ile, Barafu aliona Nukta amesema kitu. Angekiona vizuri zaidi kama wangemwacha akitazame. Lakini benchi halijawahi kukutana na wazo la maana likaliacha lilivyo. Bandari akasema kufanana huko si bure, methali zote alizitunga mama mkwe mmoja, zamani, kabla lugha hazijagawanyika, na zilipogawanyika kila taifa likakimbia na kipande chake. Nukta akasema haiwezekani, kwa sababu mama mkwe asingekubali kugawanywa. Wakabishana juu ya kabila la mama mkwe. Mwishowe wakaafikiana kwamba dunia nzima imeamua, Barafu hana kosa, na bibie ajibiwe kwa ile ya Warusi.

— Andika, aliamuru Bandari. Vumilia, utapenda.

— Na koma usiisahau, alisema Nukta.

Barafu alikuwa amefika kwenye koma aliposikia mtu akikohoa kidogo. Alikuwa mama mmoja aliyekuja kuchongesha ufunguo, mgeni kabisa pale, aliyesimama muda wote huo akisubiri fundi amalize kupiga tupa.

— Samahani, wazee wangu. Hizo zote nimezisikia, na ni nzuri. Anayekalia jiwe ameambiwa avumilie. Anayemfuata kuku ameambiwa avumilie. Huyu anayengojewa yeye, ameambiwa nini?

— Ipo, Nukta alisema haraka. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

— Matumbo ya nani, mwalimu?

Bandari alizunguka bandari zote alizozijua, akarudi mikono mitupu. Lakini hawakuwa wamekosa jibu. Jibu lilikuwapo, na kila mtu pale alikuwa nalo. Watoto shuleni hulijaza kwenye nafasi iliyoachwa wazi kabla hata hawajajua maana yake. Wote walikuwa wakitazama viatu vyao ili wasimtazame Barafu.

— Chelewa chelewa, Barafu alisema polepole, utakuta mwana si wako.

Hakuna aliyemsahihisha. Akafuta alichoandika, akapiga simu. Iliita mpaka akakata tamaa, ndipo ikapokewa, na nyuma yake ikasikika mashine ya kunakili ikitema karatasi.

— Ile o, alisema. Kidole kiliteleza?

— Niliandika mbivu, mchumba wake akajibu. Nikaisoma. Nikaona si kweli, nikafuta.

— Nakuja tuongee siku ya harusi.

— Siku tumeongea sana.

— Basi sitaongea. Ni Jumamosi.

— Jumamosi ipi?

Barafu alihisi benchi zima limeacha kupumua. Kulikuwa na chumba ambacho hakijapakwa rangi. Kulikuwa na wajomba wa kuarifiwa, na sababu nyingine nzuri tu, zote zimepanga foleni kwenye ulimi wake.

— Hii. Hii inayokuja.

Mashine ilitema karatasi, ikatema nyingine, ikanyamaza.

— Hayo ukamwambie mama yangu, alisema mchumba. Mimi nimeshachoka kumpelekea habari zako. Tunafunga duka sasa hivi, nitakuwa mlangoni.

Barafu aliondoka bila kuaga, kwa mwendo ambao pale hawakuwahi kumwona nao. Mama wa ufunguo alipokea ufunguo wake, akaushukuru umma, akashika njia. Benchi lilibaki likitazama barabara.

— Jumamosi hii? alisema Bandari hatimaye, akitikisa kichwa. Haraka haraka haina baraka.

— Hata Waitalia wanasema, alijibu Nukta kwa sauti ya kumwombolezea marehemu. Aendaye polepole hufika mbali.

Wakamsogezea muuza kahawa vikombe vyao. Akawaambia imekwisha.